Uwanja Umefungwa na Safari ni Kesho: Mwongozo kwa Msafiri wa Unguja na Pemba

Maswali ni yale yale kila mwaka. "Ndege ya Kisauni imefutwa, nikimbilie boti nikapandie Dar?" "Nina mgonjwa, daktari anamsubiri India Alhamisi, Delhi ukungu, nifanye nini?" "Wakala hapokei simu, tiketi yangu ingali hai?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata safari moja ambayo watu wengi wa Unguja na Pemba wanaijua: mgonjwa na msindikizaji wake kutoka Chake Chake kwenda India kwa matibabu, kupitia Addis Ababa. Ukiielewa hiyo, utajua pia la kufanya ukienda Nairobi, Maskati au Ulaya.

Kuwa na hivi kabla hujaanza

Namba ya buking, ile ya herufi na tarakimu 6 ambayo kwenye skrini huandikwa PNR, pamoja na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Ni vitu viwili tofauti, na siku ya matatizo utaulizwa vyote. Viandike kwenye karatasi. Usitegemee simu peke yake: kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na tiketi kwenye simu tu alibaki bila kitu cha kuonyesha.

Namba yako mwenyewe ya simu na barua pepe yako ndani ya buking. Mawakala wengi huweka namba ya ofisi yao, kwa hiyo ujumbe wa kufutwa kwa ndege unamfikia wakala saa 8 ya usiku amelala. Mwambie aandike yako, kisha fungua buking kwenye tovuti ya shirika uhakikishe mwenyewe.

Dawa za siku 7 zaidi ya ulizopanga, ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Kadi ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Nakala za visa na barua ya hospitali. Fedha taslimu, shilingi na dola kidogo, za kulala siku mbili.

Kwanza jua kilichofunga

Ukungu hufunga kwa saa. Unashuka usiku, unanyanyuka jua likipanda. Delhi huwa na ukungu mzito hasa mwisho wa Disemba na Januari, na Nairobi huupata asubuhi za baadhi ya siku. Sisi huku hatuna ukungu wa namna hiyo. Kinachotusumbua ni mvua kubwa za masika, na nazo zikipungua ndege hushuka.

Majivu ya volkano hufunga kwa siku. Chembe zake ni kama kioo kilichosagwa. Ndani ya injini ya jeti zinayeyuka, kisha zinagandia kwenye mapanga yanayozunguka ndani yake na injini inaweza kuzimika, ndiyo maana hakuna rubani anayekubali kupita humo. Mwaka 2010 majivu ya Aisilandi yalifunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya karibu siku 6. Karibu na kwetu zaidi, tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi ulilipuka Afar, Ethiopia. Majivu yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, na usiku wa tarehe 24 yalikuwa juu ya India kaskazini. Angalia hiyo njia: ndiyo njia ya ndege ya Addis kwenda Delhi.

Machafuko hayana saa. Uwanja unaweza kuwa wazi na barabara ya kuufikia imefungwa, au amri ya kutotoka nje inaanza saa 12 jioni na ndege yako ni ya saa 4 usiku. Wakati mwingine inafungwa anga yenyewe: tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa chache tu, lakini ndege zilizokuwa zikielekea Doha zilitawanyika viwanja vingine, na kupanga abiria upya kulichukua muda mrefu kuliko kufungwa kwenyewe.

Kwa ukungu, subiri. Kwa majivu, badili njia au tarehe mapema. Kwa machafuko, sogea karibu na uwanja mapema au usitoke kabisa.

Hatua

1. Nunua safari yote ndani ya buking moja. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukiwa na buking moja kutoka Zanzibar (ZNZ) hadi mji wa hospitali, ukichelewa Addis kwa sababu ya ukungu ni kazi ya shirika kukutafutia ndege nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali kwa sababu zilikuwa rahisi, shirika la pili halijui wala halijali kwamba la kwanza limechelewa. Litakuandika hukutokea, na fedha zimekwenda. Muulize wakala: "Tiketi zote ziko kwenye PNR moja, na mizigo inaandikwa hadi mwisho?" Akijibu kwa kuzunguka zunguka, ujue haziko.

   Kipande cha Pemba hadi Unguja karibu daima kitakuwa nje ya buking hiyo, iwe ni boti ya Mkoani au ndege ndogo ya Chake. Kilinde kwa muda: vuka siku moja kabla, ulale mjini. Kumbuka pia kwamba ndege ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, katika begi laini.

2. Chagua lango lisilo na ukungu. Kama hospitali iko Chennai, huna sababu ya kuingilia Delhi mwezi Januari. Ingilia Mumbai, ambako hakupati ukungu mzito wa namna ile, kisha uunge. Ikiwa lazima Delhi, tafuta ndege inayotua mchana. Inayotua kati ya saa 6 usiku na saa 4 asubuhi ndiyo inayokamatwa. Miadi ya daktari iwe angalau siku mbili kamili baada ya kufika.

3. Siku mbili kabla, anza kuangalia mwenyewe. Taarifa za hali ya hewa za viwanja vingi ziko wazi kwenye `aviationweather.gov`. Andika herufi nne za uwanja: `HTZA` ni Zanzibar, `HTPE` Pemba, `HTDA` Dar, `HAAB` Addis, `HKJK` Nairobi, `VIDP` Delhi. Huu ni mfano wa kujifunzia wa asubuhi mbaya ya Delhi:

```
VIDP 060130Z 00000KT 0050 FG VV001 08/08 Q1018
```

   Tarehe 6, saa 01:30 kwa saa ya dunia. Ongeza 3 upate yetu: 04:30, yaani saa 10 na nusu alfajiri. Ongeza 5 na nusu upate ya Delhi: 07:00, saa 1 asubuhi. `00000KT` ni kwamba hakuna upepo hata kidogo. `0050` ni mita 50, ndio mwisho wa macho kuona. `FG` ni ukungu. Ungekuwa majivu ungeona `VA`.

   Sasa tazama `08/08`. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto ambalo mvuke hugeuka matone. Zikiwa sawa, hewa imeshiba maji na ukungu hauondoki. Taarifa ijayo ikisema `10/08`, na `0050` imekuwa `0400`, umeanza kunyanyuka. Hapo hesabu saa mbili tatu hadi foleni ya ndege ipungue. Delhi haifungwi moja kwa moja hata kwa mita 50, kwa sababu ina mitambo ya kuongoza ndege kutua kwenye ukungu, lakini ni ndege na marubani walioidhinishwa tu wanaoweza kutua, na wanatua kwa kupishana mbali mbali.

4. Usifute safari mwenyewe. Ukisikia volkano imelipuka, moyo unakuambia ufute upate fedha. Ngoja. Ukifuta wewe, unabanwa na masharti ya tiketi yako, na kwa tiketi ya bei rahisi hurudishiwi kitu au unarudishiwa kodi tu. Ikifutwa na shirika, kwa kawaida unachagua kurudishiwa au kuwekwa ndege nyingine bila kuongeza. Mara nyingi, kabla hata hawajafuta, mashirika hutangaza ruhusa ya kubadili tarehe bure kwa abiria wa siku fulani. Tafuta tangazo hilo kwenye tovuti yao, soma tarehe zake, kisha ndio upige simu.

5. Piga simu ukiwa na ombi kamili. Usiulize "mtanisaidiaje?" Aliye upande wa pili ana mamia ya watu, atakupa nafasi ya kwanza iliyo mbele ya macho yake, hata ikiwa wiki ijayo. Tafuta mwenyewe ndege yenye nafasi, kisha sema: "Ndege yangu ya tarehe 5 imefutwa. Naomba Addis–Mumbai ya tarehe 6, na Mumbai–Chennai inayofuata, kwa watu wawili ndani ya buking moja. Mmoja ni mgonjwa, nina barua ya daktari." Kama tiketi ni ya wakala, piga shirika pia. Likisema lazima wakala, mpigie wakala ukiwa na ombi hilo hilo.

6. Hakikisha tiketi imetolewa upya. Hili wengi hawalijui. Kubadilishiwa ndege kuna sehemu mbili: kwanza nafasi inawekwa kwenye buking, ukiangalia utaona `HK`, maana yake imethibitishwa. Pili tiketi yenyewe inatolewa upya ifuate ndege mpya. Siku za vurugu sehemu ya pili husahaulika. Unafika kaunta, jina lako lipo, lakini mfumo haukubali kukutolea pasi ya kupandia. Kwa hiyo kabla hujakata simu uliza: "Tiketi imeshatolewa upya? Namba yake ni ngapi?" Mara nyingi utapewa namba mpya ya tarakimu 13. Iandike pale pale.

7. Usiruke kipande cha kwanza. Hapa ndipo penye jibu la "nikimbilie boti?" Tiketi yako inasema ZNZ–Addis–Mumbai. Ndege ya Kisauni imechelewa, wewe unashuka Malindi, unapanda boti, saa mbili baadaye uko Dar unataka kupandia pale ndege ya Addis. Kaunta ya Dar itakukataa. Kwanza hukuandikwa kutoka Dar. Pili, ukionekana hukutokea Kisauni, mfumo unafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Boti ni njia nzuri sana, ila baada ya shirika kukubadilishia mwanzo wa safari kuwa Dar na kukutolea tiketi upya. Kama mzigo umeshaukabidhi Kisauni, udai kwanza. Usiuache nyuma yako.

Njia za pembeni, na mipaka yake

Kisauni ikifungwa, Dar ni karibu kwa boti. Dar ikiwa na machafuko, mara nyingi Kisauni ndiyo mlango, kwa kuwa ina ndege zake za moja kwa moja kwenda Addis, Nairobi na Ghuba. Kwa Pemba, mbali na Mkoani kwenda Unguja, kuna njia ya bahari kwenda Tanga, na kutoka Tanga barabara inakwenda Kilimanjaro au kuvuka Horohoro hadi Mombasa. Lakini boti hizo si za kila siku. Ulizia bandarini siku yenyewe, usitegemee ratiba ya mwezi uliopita.

Na bahari haipo daima kuokoa anga. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Hali ya hewa iliyokuzuia juu ndiyo hiyo hiyo inayochafua maji. Kabla ya kutoka nyumbani soma tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, hasa wakati wa kusi.

Ukibadilishiwa njia, angalia nchi mpya unayopitia. Kusubiri saa tatu ndani ya uwanja na kulala usiku mzima hotelini ni mambo mawili tofauti kwa uhamiaji. Uliza kama visa ya kupita inahitajika kabla ya kukubali.

Kuhusu bima: inunuliwe siku unayonunua tiketi. Volkano ikishalipuka na habari zikatoka, bima utakayonunua baada ya hapo haitalipa kwa tukio hilo, kwa kuwa limeshajulikana. Soma kama imeandika "kucheleweshwa na kufungwa kwa uwanja" na baada ya saa ngapi. Machafuko mara nyingi yameondolewa kabisa. Ile bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wanaoingia Zanzibar. Jamaa zako wa ughaibuni wenye pasi za nje waulizie kama itawahusu wakija, wewe unayetoka haikufuniki.

Mfano: mama na mwanawe, Januari

Hospitali iko Chennai, miadi Alhamisi saa 3 asubuhi. Mwana amenunua ZNZ–Addis–Delhi kwenye buking moja, na Delhi–Chennai peke yake kwa sababu ilikuwa rahisi. Jumapili wamevuka kutoka Mkoani na kulala Unguja. Hadi hapo ni vizuri.

Jumatatu ndege inaondoka Kisauni 17:30, inafika Addis 20:30. Ya Delhi ni 00:00 usiku, kutua 08:30 kwa saa ya Delhi. Ya Chennai ni 12:30. Kwa hesabu ya tiketi wana saa nne Delhi, zinaonekana nyingi.

Saa 4 usiku Addis linatoka tangazo: ndege itaondoka 06:00 kwa sababu ya ukungu Delhi. Usikasirike kwa kucheleweshewa Addis. Ni bora mara kumi kuliko kuruka kwa wakati, kukuta ukungu, na kupelekwa Jaipur mkakae ndani ya ndege mkisubiri. Kutua kutakuwa 14:30, kwa hiyo ile ya 12:30 imeshapotea. Bado ni saa 4 usiku, na mwana ana nafasi ya kufanya mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza anaifungua buking ya Delhi–Chennai na kubadili kwenda jioni au kesho yake *kabla* ya muda wa ndege kupita. Kabla analipa faini ya kubadili. Baada ya hapo tiketi imekufa. Pili anakwenda kaunta ya uhamisho, si kwenye foleni ya mlango wa ndege, anaomba chakula kwa saa za kusubiri, na kiti cha magurudumu kwa mama kiandikwe kwenye ndege mpya, kwa sababu ombi la zamani halihami lenyewe. Tatu anaipigia hospitali au kuitumia ujumbe: "Tunafika Jumanne usiku." Miadi ni Alhamisi, kwa hiyo ile akiba ya muda, ingawa haikufika siku mbili kamili, imefanya kazi yake.

Kama angenunua hadi Chennai kupitia Mumbai ndani ya buking moja, ule ukungu wa Delhi usingemgusa.

Jambo dogo la Addis: Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, saa 1 ni asubuhi jua limechomoza. Mbao za uwanja na tiketi hutumia saa ya kizungu. Dereva wa hoteli akikwambia "saa moja", muulize atakuja kwa saa ipi, na umwonyeshe kwa kuandika 07:00.

Ukikwama

*Ujumbe unasema imefutwa, tovuti inasema iko kwa wakati.* Amini ujumbe, lakini piga simu. Halafu tazama kwenye Flightradar24 ile ndege inayotakiwa kuja kukuchukua iko wapi. Kama bado iko Addis saa moja kabla ya kuondoka kwenu Kisauni, hamwondoki kwa wakati, maana kutoka Addis ni kiasi cha saa tatu.

*Wanakataa fidia.* Kwa ukungu, majivu na machafuko fidia ya fedha kwa kawaida hakuna, kwa sababu si kosa la shirika. Usipoteze nguvu hapo. Dai vitu vinavyodaiwa: ndege nyingine au fedha ya tiketi, na chakula na malazi kwa mujibu wa masharti yao. Omba barua inayosema ndege ilifutwa na sababu yake. Bima haitakusikiliza bila hiyo, na ukihitaji kuongezewa muda wa visa huenda ukaulizwa.

*Mtandao umezimwa.* Piga simu ya kawaida au tuma meseji. Kaunta za uwanjani mara nyingi hufanya kazi kwa mifumo yao wenyewe, kwa hiyo nenda uwanjani mapema na karatasi zako, mchana, kabla ya saa za kutotoka nje. Kama amri iko tayari na huwezi kufika, mwombe jamaa aliye nje ya nchi alipigie shirika na kubadili tarehe kwa PNR na jina lako kama lilivyo kwenye pasi. Afanye hivyo kabla ya muda wa kuondoka.

*Ndege imeelekezwa uwanja mwingine.* Kaa ndani hadi uambiwe. Ukishuka mwenyewe, huenda usiupate mzigo wako pale, na safari inaweza kuhesabika imeishia hapo. Wakiwashusha wote na kuwapa basi, piga picha karatasi ya mzigo na uulize utaupokea wapi, kabla ya basi kuondoka.

*Fedha ya tiketi hairudi.* Kama ulimlipa wakala, shirika humrudishia wakala. Mwombe uthibitisho kwamba ameomba marejesho, wenye tarehe na ile namba ya tarakimu 13, kisha uliulize shirika kwa namba hiyo kama limeshalipa. Wakikujibu limelipa tarehe fulani, rudi kwa wakala na tarehe hiyo mkononi.